Hesabu ya Kurasa: Kujibu Swali la Njia Tatu za Kuunganisha Majedwali

Katika mitihani ya kanzidata, kuna swali linalorudi karibu kila mwaka: linganisha njia tatu za kuunganisha majedwali mawili, kisha eleza ipi ni bora. Watahiniwa wengi hueleza vizuri kila njia inavyofanya kazi, halafu humaliza kwa kuandika kwamba ubora unategemea hali. Hapo ndipo alama zinapopotea, kwa sababu msahihishaji anataka kujua unategemea nini hasa. Jibu hilo linapatikana kwa kuhesabu kurasa.

Kanzidata haisomi rekodi moja moja kutoka kwenye diski. Inasoma ukurasa mzima wenye rekodi nyingi, na kuusoma ukurasa huo huchukua muda mrefu mno ukilinganisha na kazi ya kulinganisha namba zikiwa tayari kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana gharama ya kila njia hupimwa kwa idadi ya kurasa zinazosomwa na kuandikwa.

Tuchukue chuo chenye majedwali mawili. Jedwali la wanafunzi lina rekodi 20,000 katika kurasa 400. Jedwali la usajili wa kozi lina rekodi 100,000 katika kurasa 1,000, yaani kila mwanafunzi ana kozi tano kwa wastani. Kumbukumbu tuliyopewa inatosha kurasa 52. Ombi lenyewe ni hili:

```sql
SELECT w.jina, u.kozi
FROM wanafunzi w
JOIN usajili u ON u.namba = w.namba;
```

Njia ya kwanza ni kitanzi ndani ya kitanzi, ile ambayo PostgreSQL huionyesha kwenye skrini kama `Nested Loop`. Unamshika mwanafunzi mmoja, unapitia usajili wote kutafuta namba yake, kisha unamshika anayefuata. Ukiifanya hivyo bila ujanja wowote, jedwali la usajili litasomwa mara 20,000. Gharama inakuwa 400 + 20,000 × 1,000, yaani kurasa 20,000,400. Tukichukulia kwamba kila ukurasa unagharimu milisekunde 10, hizo ni zaidi ya saa 55.

Dawa yake ni kufanya kazi kwa mafungu. Kati ya kurasa 52 za kumbukumbu, tenga moja ya kusomea usajili na moja ya kuandikia matokeo, kisha zile 50 zilizobaki zijaze wanafunzi. Wanafunzi wote wanaingia katika mafungu manane, hivyo usajili unasomwa mara nane tu: 400 + 8 × 1,000 = 8,400. Kwa kipimo kilekile, hizo ni sekunde 84. Ukigeuza, usajili ukawa jedwali la nje, utapata mafungu 20 na gharama ya 1,000 + 20 × 400, yaani 9,000. Kwa hiyo jedwali dogo likae nje, na katika karatasi ya mtihani useme wazi lipi umeliweka nje, maana bila hilo hesabu yako haisomeki.

Njia ya pili ni ya heshi, `Hash Join`. Fomula ya heshi inapewa namba ya mwanafunzi na kutoa namba ya kapu. Kwa kumbukumbu yetu tunaweza kuwa na makapu 51, kwa kuwa ukurasa mmoja unahitajika kusomea. Wanafunzi wanagawanywa katika makapu hayo na kuandikwa kwenye diski, kisha usajili nao unagawanywa kwa fomula ileile. Namba moja haiwezi kuangukia makapu mawili tofauti, kwa hiyo kapu la 7 la wanafunzi linahitaji kukutanishwa na kapu la 7 la usajili peke yake. Kapu la wanafunzi lina kurasa kama nane, linaenea kwenye kumbukumbu bila shida, na lile la usajili linapita mbele yake ukurasa mmoja mmoja. Kila jedwali limesomwa, likaandikwa, likasomwa tena: 3 × (400 + 1,000) = 4,200. Mpango huu wa makapu ulitokana na mashine ya GRACE iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Tokyo mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Njia ya tatu, `Merge Join`, hupanga majedwali yote mawili kwa namba ya mwanafunzi kisha kuyapitia sambamba. Upangaji huanza kwa kujaza kumbukumbu, kupanga kilichomo na kukiandika kama fungu lililopangwa. Wanafunzi wanatoa mafungu 8, usajili 20. Ukikamilisha upangaji wa kila jedwali kwanza, unalipa 1,600 na 4,000, kisha 1,400 za kuyapitia, jumla 7,000. Lakini mafungu yote ni 28, na kumbukumbu ina nafasi ya kushika ukurasa mmoja wa kila fungu kwa pamoja. Unaweza basi kuyachanganya na kuyaunganisha kwa mpito mmoja, na gharama ikashuka hadi 4,200, sawasawa na heshi.

Usawa huo ndio moyo wa swali. Heshi ikilingana na kupanga, kinachoamua ni mambo mengine. Ikiwa majedwali tayari yamehifadhiwa kwa mpangilio wa namba, kupanga kunagharimu kurasa 1,400 tu, na matokeo yanatoka yamepangwa, jambo lenye faida kama ombi lina `ORDER BY`. Heshi, kwa upande wake, inajali zaidi ukubwa wa jedwali dogo: hilo likienea lote kwenye kumbukumbu, hakuna haja ya kuandika makapu, na kila jedwali linasomwa mara moja tu, hata kama jedwali lingine ni kubwa mno; kwa majedwali yetu gharama ingekuwa 1,400. Hata hivyo, heshi hukubali sharti la usawa pekee. Sharti likiwa `<` au `>`, makapu hayana maana. Tena thamani moja ikijirudia kupita kiasi, tuseme majedwali yanaunganishwa kwa kozi ya lazima ya mwaka wa kwanza, kapu lake hufurika, na kuligawanya upya hakusaidii kwa kuwa rekodi zote huangukia tena mahali pamoja.

Kitanzi nacho kisidharauliwe. Weka faharasa kwenye `usajili.namba`, na tuseme kumtafuta mwanafunzi mmoja kunagharimu kurasa 8: tatu za faharasa na tano za kozi zake zilizotawanyika. Ombi likihitaji wanafunzi 12 tu, tunasoma kurasa 400 kuwachuja na 96 kupata kozi zao, jumla 496. Heshi ingesoma majedwali yote mawili, 1,400. Mizani inakuwa sawa kwa wanafunzi 125, na kuanzia hapo heshi inashinda.

Kanzidata yenyewe hufanya hesabu hii kabla ya kuanza kazi, ila kwa makisio ya takwimu ilizohifadhi. Takwimu zikiwa za zamani, inaweza kukisia wanafunzi 12, ikachagua kitanzi, kumbe waliopita kwenye mchujo ni 9,000. Sasa inasoma kurasa 72,400 kwa kazi ambayo heshi ingeimaliza chini ya 4,200. Kosa hilo linaonekana kwa `EXPLAIN ANALYZE`: kwenye mstari wa wanafunzi, makisio yanasema `rows=12` na hali halisi inasema `rows=9000`, huku mstari wa usajili ukionyesha `loops=9000`. Amri ya `ANALYZE` inakusanya takwimu upya, na mara nyingi ombi lilelile likirudiwa linatoka na `Hash Join`.