Ombi la milioni 92, ukomo wa milioni 60

"Ombi lako limepokelewa na linafanyiwa kazi." Aliyewahi kukaa ofisini anaijua sentensi hii. Mwandishi wake huiona ya adabu kwa sababu haina neno "hapana" ndani yake. Nilipokuwa karani wa uhasibu niliona matokeo yake. Mkuu wa idara mmoja alijibiwa hivyo, akaelewa kwamba amekubaliwa, akamwagiza fundi seremala viti ishirini. Fundi alipoleta viti na ankara, hapakuwa na kifungu cha kumlipia. Viti vilirudi kwenye gari, na kwa miezi kadhaa watu wawili waliokuwa wakinywa chai pamoja hawakusalimiana.

Kukataa sehemu ya ombi ni kazi ngumu kuliko kukataa lote, kwa kuwa lazima ueleze kwa nini hiki kimepita na kile kimebaki. Tuchukue hospitali ya wastani, ya kubuni, yenye mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Maabara imeomba shilingi milioni 92: vitendanishi milioni 41, mashine mpya ya kipimo cha picha kamili ya damu milioni 28, mafunzo milioni 9, samani milioni 8, na matengenezo ya majokofu na vifaa milioni 6. Ukomo wa bajeti wa idara hiyo ni milioni 60. Mkurugenzi wa fedha ana dokezo la kuandika.

Dokezo zuri huweka jibu juu kabisa, mara tu baada ya kichwa cha "YAH". La mkurugenzi wetu linaanza hivi: "Tafadhali rejea dokezo lako kuhusu bajeti ya maabara. Kati ya shilingi milioni 92 ulizoomba, milioni 52 zimekubaliwa kama zilivyoainishwa hapa chini. Ununuzi wa mashine haukukubaliwa kwa mwaka huu, ila ipo njia nyingine ya kuipata, na nimeitengea milioni 7.2." Msomaji akiishia hapo tu, anajua anasimama wapi. Maelezo hayo yakiwekwa ukurasa wa pili, baada ya aya tatu za kusifu juhudi za idara, ataanza kuzitilia shaka hata hizo sifa.

Baada ya jibu huja ukomo, na hapa ndipo madokezo mengi huharibika. Wengi huandika "kutokana na ufinyu wa bajeti" wakaishia hapo. Ufinyu ni lawama isiyo na mwenyewe. Mkuu wa maabara hawezi kuupima wala kuupinga. Anachohitaji ni hesabu. Hospitali inatarajia kukusanya shilingi milioni 1,500. Mishahara inachukua 780, dawa 310, umeme, maji, ulinzi na bima 130, marejesho ya mkopo wa jengo 60, na akiba ya dharura 20. Zinabaki milioni 200 za kugawanywa kwa idara zote, na maabara imepata 60, wakati mwaka jana ilipata 54.

Mkuu wa maabara atauliza swali moja, na ni la haki: "Mbona ankara tulizotoa mwaka jana zilizidi hizo milioni 1,500?" Ni kweli zilizidi. Lakini ankara si fedha. Madai ya bima hukaguliwa, mengine hukatwa, mengine hulipwa mwaka wa fedha ukishafungwa. Ukomo hupangwa kwa kinachotarajiwa kuingia benki, si kwa kilichoandikwa kwenye daftari la wadaiwa. Sentensi mbili za namna hiyo ndani ya dokezo huokoa kikao kizima cha mabishano.

Kisha kipengele kwa kipengele. Vitendanishi milioni 41 vimepita vyote, maana bila hivyo hakuna kipimo wala mapato. Matengenezo milioni 6 yamepita yote pia. Jokofu likizimika usiku, hasara yake huzidi gharama ya fundi. Mafunzo yamepunguzwa hadi milioni 3. Sehemu kubwa ya zile 9 ilikuwa posho na nauli za watu sita, basi wataenda wawili na kurudi kuwafundisha wenzao. Samani zimepata milioni 2 za meza za kazi, na viti vitatoka stoo, ambako vimo vilivyobaki baada ya ofisi ya utawala kuhama. Hapo tumefika milioni 52.

Mashine ndiyo iliyomkosesha mkurugenzi usingizi. Ile ya zamani kweli inasumbua, na kuandika "subirini mwakani" ni kuwaambia madaktari wapeleke damu kwingine. Njia aliyoitoa ni mkataba wa kuwekewa mashine: msambazaji analeta mashine yake na kuihudumia, na hospitali inajifunga kununua vitendanishi kwake kwa bei ya juu kidogo. Katika hesabu yetu, kipimo kimoja kinagharimu vitendanishi vya shilingi 3,000 sasa, na kwa mkataba kitagharimu 3,800. Kwa vipimo 9,000 kwa mwaka, nyongeza ni milioni 7.2. Tukiijumlisha na zile 52, tunafika 59.2, na zinabaki shilingi 800,000 chini ya ukomo.

Dokezo la kweli halifichi bei ya njia mbadala. Milioni 7.2 kila mwaka kwa miaka minne zinazidi bei ya mashine yenyewe. Anayenunua hata hivyo atalipia pia huduma ya fundi; tukiikadiria kuwa milioni 2.8 kwa mwaka, tofauti inashuka hadi milioni 4.4, na inachukua zaidi ya miaka sita kufikia zile 28. Kwa hospitali isiyo na milioni 28 mkononi, mkataba ni nafuu ya kuvumilika, mradi usiwe wa miaka kumi.

Mtego mwingine umo kwenye kiwango cha chini. Tuseme mkataba unadai vipimo 600 kwa mwezi. Maabara hufanya wastani wa 750, hivyo kuna nafasi. Mwezi ukishuka hadi 500, hospitali italipia vipimo 100 isivyofanya, yaani shilingi 380,000. Kwa hiyo dokezo linamwomba mkuu wa maabara alete takwimu za vipimo za miezi 24, mwezi kwa mwezi, kabla ya mazungumzo na msambazaji. Wastani wa mwaka huficha miezi mikavu.

Kilichobaki ni mlango wa kurudi, na mlango huo lazima uwe na tarehe. "Bajeti ikiruhusu" si tarehe. Mkurugenzi ameandika hivi: "Makusanyo yakizidi milioni 790 kufikia Desemba 31, maombi ya mafunzo na samani yaliyobaki yatafunguliwa upya katika mapitio ya nusu mwaka. Ukiona kipengele kimoja kina uzito kuliko nilivyokipanga, unaweza kuomba uhamisho wa fedha ndani ya milioni 60 zako, isipokuwa kutoka kwenye vitendanishi." Mkuu wa maabara anajua kazi ya maabara kuliko mhasibu, na sentensi hiyo ya pili inamwachia uamuzi huo bila kugusa ukomo.

Nakala inakwenda kwa mganga mfawidhi peke yake. Kumwaga nakala kwa wakuu wote wa idara hugeuza majibu kuwa tangazo, na aliyekataliwa hulazimika kujitetea hadharani.

Kabla ya kulituma, mkurugenzi alishuka maabara na dokezo mkononi. Mkuu wa idara ni mama wa makamo, amemzidi umri kwa mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeniletea mashine au umeniletea karatasi?"

"Karatasi, mama. Mashine imo ndani, lakini ina masharti."

Alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza kusoma kuanzia kwenye masharti.