Wahakiki Wanaposema Wagonjwa Ni Wachache

Tuchukue mfano wa utafiti uliolinganisha dawa mbili, kila moja ikipewa wagonjwa 60. Dawa ya zamani iliponya 48, mpya ikaponya 54. Watafiti wakaandika kwamba dawa hizo hazitofautiani. Mhakiki wa jarida akauliza: je, wagonjwa hao walitosha?

Wengi hukimbilia kukokotoa upya uwezo wa utafiti kwa kutumia matokeo yaleyale waliyopata. Hapo hukosea, na mwanatakwimu hulitambua kosa hilo mara moja, kwa sababu hesabu hiyo hairudishi lolote jipya.

Barua nzuri hunakili hoja ya mhakiki neno kwa neno, kisha hujibu: ili kugundua tofauti ya asilimia 80 na 90, zilihitajika takriban 200 kwa kila kundi, tulipata 60. Kama idadi ilipangwa kabla ya kuanza, itajwe ilivyokuwa kwenye itifaki. Kama haikupangwa, isemwe hivyo. Kutunga hesabu baadaye ni udanganyifu.

Kisha hutolewa masafa ya uhakika ya asilimia 95. Hapa, dawa mpya huenda ikazidiwa kwa pointi 3 hivi, au ikashinda kwa 23. Upana huo ndio jibu lenyewe. Kwa hiyo hitimisho hubadilishwa: utafiti haukuweza kubaini kama tofauti ipo, na barua hutaja ukurasa na mstari uliorekebishwa.