Mtoto wa miaka tisa peke yake ndegeni

Shangazi yuko Johannesburg, mtoto yuko Dar es Salaam, likizo imefika. Usikimbilie kununua tiketi mtandaoni. Mashirika mengi humhesabu mtoto wa miaka 5 hadi 11 anayesafiri peke yake kuwa abiria maalumu, na nafasi yake huombwa kwa simu au ofisini. Chini ya miaka 5 kwa kawaida hakubaliwi.

Ada ya uangalizi hulipwa mbali na nauli, tena kila upande. American Airlines, kwa mfano, hutoza dola 150 kwenda na 150 kurudi. Fedha hiyo hulipia mfanyakazi wa kumsindikiza hadi ndegeni na kumkabidhi kwa mpokeaji. Angani hakuna anayekaa naye muda wote.

Afrika Kusini hudai pasipoti, cheti cha kuzaliwa, barua ya ridhaa ya wazazi, na barua ya mpokeaji pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Hapo ndipo wengi hukwama: fomu imeandikwa shangazi, uwanjani anakwenda mjomba. Asiyeandikwa hapewi mtoto, hata akiitwa kwa jina.