Daftari la Mende Jikoni

Ndugu wafanyakazi,

Mteja akimwona mende mezani, wa kwanza kulaumiwa ni mwosha vyombo. Lakini mende ametoka wapi? Daftari la kawaida linaweza kujibu.

Tuchukue mfano wa mkahawa mdogo. Usiku, baada ya kufunga, weka chupa nne za jemu: chini ya jiko, nyuma ya friji, kando ya sinki na stoo. Kila moja itie kipande cha mkate, na mdomo wake upake vaselini kwa ndani, ili mende akiingia ashindwe kupanda. Asubuhi hesabu, kisha andika tarehe, mahali, wakubwa wangapi na watoto wangapi.

Tuseme umepata 3 jikoni, 4 kwenye sinki, stoo hakuna, na nyuma ya friji 17, ambao 12 kati yao ni watoto. Watoto wa mende hawaendi mbali na maficho yao. Basi wanazaliana hapo, penye joto la mota na maji ya trei. Hapo ndipo pa kuanzia.

Wengi hupuliza dawa mara moja wakaridhika. Lakini yule mende mdogo wa kahawia hubeba mayai 30 hadi 40 ndani ya mkoba mgumu, na dawa nyingi haziupenyi. Baada ya wiki tatu au nne watoto hutoka, na hesabu hupanda tena. Kwa hiyo endelea kuhesabu kila wiki kwa miezi miwili au zaidi. Ukitumia dawa ya chambo, usipulize nyingine juu yake, maana mende wataikwepa.

Barua ifuatayo yaweza kubandikwa ukutani:

*Kwa ndugu wote wa jikoni,*

*Kuanzia Jumatatu tutakuwa na daftari la wadudu. Kila usiku tutafuta mafuta ya jiko kwa maji moto na sabuni, tutafunika vyakula, tutatoa takataka nje, na mwisho tutakausha sinki, kwa kuwa mende huhitaji maji. Kila Jumamosi tutachomoa friji, tutaivuta na kuosha trei yake. Muda huo ni wa kazi na utahesabiwa katika zamu.*

*Daftari linaandika mahali, si jina la mtu. Aliyeandika mende 17 ametimiza kazi yake. Anayeficha ndiye anayetuharibia. Safu ya mwisho ni ya matengenezo: bomba linalovuja au ufa ukutani, siku ulipotoa taarifa, na siku fundi alipokuja.*

*Msimamizi wa jiko*

Ndugu, safu hiyo ya mwisho msiiache tupu. Sinki haliwezi kukauka ikiwa bomba linavuja. Siku mwosha vyombo atakapoitwa ofisini, daftari litaonyesha kwamba alitoa taarifa, na kwamba bomba halikutengenezwa.