Hanaumwa, ajala, atakuja: herufi «h» katika ujumbe wa mzazi

Tuchukue mfano wa mama aliyeko Karatu anayemwandikia mwanawe, mfanyakazi wa hoteli huko Ngorongoro. Kwanza inafika picha ya maua yenye dua ya asubuhi, iliyosambazwa kutoka kwingine. Kisha: «Mwanangu baba yako hanaumwa ajala toka jana. Kaka yako atakuja njoo wewe.»

Msomaji mwenye haraka huona dua, akasoma «haumwi», akatulia. Dua hiyo ni hodi tu. Haisemi lolote kuhusu hali ya nyumbani.

Herufi «h» ya mwanzo wa kitenzi hudondoka au kuongezwa mara nyingi, kwa kidole na hata kwa simu inayoandika kutokana na sauti. Kwa hiyo itazamwe sehemu nyingine ya kitenzi. Kiambishi -na- cha wakati uliopo hakikai katika ukanushi, ambao ungekuwa «haumwi», wenye -i mwishoni. «Hanaumwa» basi ni «anaumwa». «Ajala» (si ajali!) ina -ja- ya ukanushi, hivyo ni «hajala».

Wakati ujao ndio wenye hatari. «Atakuja» na «hatakuja» hutofautishwa na «h» peke yake, na kitenzi hakina ushahidi mwingine. Hapa «njoo wewe» huelekeza kwenye «hatakuja», lakini huenda mama anawataka wote wawili. Neno hilo moja lahitaji kupigiwa simu: «Shikamoo mama, kaka anakuja au haji?» Katika «haji», -i ya mwisho husikika hata «h» ikimezwa.