Fahamu: Pasi ya ndege ikae kwenye pochi ya simu, isiende mtandaoni

Pasi ya kupandia ndege iliyo kwenye pochi ya simu haina shida. Hatari ni picha yake unayoiweka mtandaoni. Msimbo wake haufichi kitu: programu ya bure ya kusomea misimbo hutoa jina, kiti na kumbukumbu ya tiketi yenye herufi au tarakimu 6. Kwa mashirika mengi, kumbukumbu hiyo na jina la ukoo hufungua tiketi nzima. Mwaka 2020 Tony Abbott, waziri mkuu wa zamani wa Australia, aliweka picha ya pasi yake Instagram, na mdukuzi akafikia nambari yake ya pasipoti. Utasema umelifuta jina kwa wino. Msimbo bado unalitaja. Utasema umeshatua salama. Lakini tiketi ya kurudi mara nyingi hubeba kumbukumbu ileile.