Bango la Asali: Tuiambieje Simu Ituchoree Tunachotaka?



Siku hizi kikundi chenye simu ya intaneti kinaweza kupata mchoro wa lebo au bango bila kumtafuta mchoraji. Mtu anaandika maelezo katika programu kama ChatGPT, Gemini au Canva, na baada ya muda mfupi picha inatokea. Programu za namna hii zilianza kuwafikia watu wa kawaida mwaka 2022, na sasa zimefika mpaka vijijini.

Shida iko hapa. Kikundi kikiandika tu, "Tuchoree bango zuri la asali," kitapewa bango ambalo lingeweza kuwa la mtu yeyote duniani. Mwezi ujao kikiomba tena, litatoka lingine tofauti kabisa. Mnunuzi wa Kitale aliyezoea kuijua asali yenu kwa macho atapita hapo bila kujua kuwa ni nyinyi. Pengine atadhani kuna mtu ameiga jina lenu. Hiyo ni hasara ya pesa.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wafugaji wa nyuki katika miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Bungoma. Wanauza asali Chwele, Bungoma mjini na Kitale. Lebo yao ina kijani kilichokolea na rangi ya asali, juu ya karatasi ya rangi ya maziwa, na mchoro wa mkono wenye mistari minene. Sasa wanataka bango la kubandika dukani lifanane na lebo hiyo. Programu haijawahi kuiona lebo yao, kwa hiyo lazima waielezee mambo matatu.

1. Hali ya picha

Maneno kama "zuri", "la kuvutia" au "la kisasa" hayasaidii, kwa sababu kila mtu anayaandika. Badala yake tutaje vitu ambavyo jicho linaviona: mwanga, saa ya siku, rangi na aina ya mchoro. Wekeni lebo mezani muulizane: kama hii ingekuwa saa ya siku, ni saa ngapi? Wafugaji wetu wanasema ni saa moja asubuhi, mvua ilinyesha usiku, mwanga ni mwororo, na hakuna kelele. Hayo ndiyo ya kuandika.

Kwa rangi, msiseme "kijani" peke yake, maana kijani ni nyingi. Semeni kijani kilichokolea kama jani la kahawa. Kama aliyewachapia lebo aliwapa namba ya rangi, mfano #1F5A36, iandikeni pia. Lakini mjue kwamba programu hukaribia tu ile rangi, haiifikii sawasawa. Mchapaji ndiye atakayeirekebisha mwishoni.

2. Nafasi: vitu vingi au vichache?

Tukiiachia programu uhuru, mara nyingi inajaza karatasi yote: nyuki ishirini, maua, mitungi, matone kila pembe. Bango la namna hiyo halisomeki kutoka mlangoni mwa duka. Kwa hiyo tuhesabu. Kitu kikubwa kiwe kimoja. Vidogo visizidi viwili. Kisha tuseme sehemu gani ibaki tupu na ni kubwa kiasi gani, kwa mfano "theluthi moja ya juu iachwe tupu, rangi ya maziwa".

Hapo patupu ndipo mtakapoandika jina la kikundi, bei na namba ya simu baadaye, katika Canva au kwa mchapaji. Msiiache programu iandike maneno hayo. Inaweza kukosea herufi, hasa za Kiswahili, na namba ya simu ikikosewa tarakimu moja mteja amepotea.

3. Vitu vya kuonyesha

Ukiandika "asali ya Afrika", usishangae kuona jua likizama, mti wa mgunga, pengine hata twiga. Bungoma si hiyo. Ukiandika "mlima", inachora kilele chenye ncha na theluji. Na Elgon, kama sote tunavyouona, ni mlima mpana, mgongo mrefu uliolala, kijani. Hata mzinga: programu inaweza kuchora masanduku meupe yaliyopangwa kwenye bustani ya maua. Kama nyinyi mnatumia mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, semeni hivyo.

Hapa pia pana suala la ukweli. Msionyeshe mitambo ambayo hamna. Msikubali sura za akina mama waliochorwa na programu zitumike kana kwamba ni wanachama wenu. Na angalieni sana mihuri: programu inaweza kubuni alama inayofanana na ya ubora. Alama ya KEBS huwekwa na aliyepewa kibali tu. Mkiona muhuri wowote ambao hamkuuomba, ufutwe.

Maelezo kamili

Kikundi chetu sasa kinaandika hivi:

"Bango la kusimama wima. Mchoro wa mkono wenye mistari minene, si picha ya kamera. Saa moja asubuhi baada ya mvua, mwanga mwororo, hali tulivu. Rangi tatu tu: kijani kilichokolea kama jani la kahawa, rangi ya asali, na rangi ya maziwa. Katikati chini, mzinga mmoja mkubwa wa gogo umetundikwa kwenye tawi. Nyuki wawili wadogo kando yake. Nyuma kabisa, mlima mpana wa mgongo mrefu, wa kijani. Theluthi moja ya juu tupu, rangi ya maziwa. Bila maandishi."

Programu hizi zinaelewa Kiswahili, ila nyingine zinaelewa Kiingereza vizuri zaidi. Jibu likienda kombo, mwenye Kiingereza ayatafsiri maneno hayo hayo. Na kama programu inakubali kupokea picha, ipeni picha ya lebo yenu pamoja na maelezo.

Tuseme jibu la kwanza limetoka vizuri, lakini mlima una theluji na nyuki ni wanane. Msianze upya. Badilisheni jambo moja, muone, kisha la pili. Mkibadilisha matano kwa pamoja hamtajua lipi lilisaidia. Tena, semeni mnachotaka kuliko msichotaka. Ukiandika "bila theluji", programu nyingine inalishika neno theluji na kulichora. Afadhali useme "kilele kimefunikwa na msitu wa kijani".

Kabla ya kuchapa mia moja, chapeni moja. Rangi kwenye simu inang'aa, kwenye karatasi inafifia. Ibandikeni ukutani kando ya chupa yenye lebo, msimame hatua sita nyuma. Je, vinaonekana ni vya nyumba moja?

Maelezo yakikubalika, katibu ayaandike katika daftari la kikundi neno kwa neno. Bango lijalo, hata likiwa la mkutano au la bidhaa nyingine, sentensi za mchoro, mwanga, rangi na nafasi zibaki zile zile. Kinachobadilika ni kitu cha katikati tu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Lebo yetu ingekuwa saa ya siku, ni saa ngapi? Tunakubaliana sote?
2. Ni kitu gani kimoja ambacho mnunuzi akikiona atajua ni sisi?
3. Katika bango tulilo nalo sasa, kuna kitu kisichokuwa cha kweli kwetu?
4. Nani atayatunza maelezo yetu?